Mdogo wangu anabaki ITIG

Kwa muda mrefu nilitaka jambo moja tu: kumtoa mdogo wangu katika makaburi ya ITIG hapa Goma na kumpeleka Butembo, akalale karibu na babu yetu. Leo mimi ndiye ninayewaambia ndugu zangu kwamba abaki pale alipo. Nimeombwa na wengi niseme kilichonigeuza, kwa sababu mjini kwetu familia zenye swali kama letu ni nyingi. Nitasema yote nikianzia mwanzo.

Alifariki mwishoni mwa Januari 2025, siku zile M23 walipoingia Goma. Umeme na maji vilikatika, hospitali zikajaa majeruhi na morge zikajaa maiti. Tarehe 5 Februari Umoja wa Mataifa ulisema miili kama 2,000 ilikuwa imeshazikwa na mingine kama 900 ilikuwa bado kwenye morge. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, wakisaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ndio walioiokota barabarani na kuizika. Sisi tulikuwa tumejifungia ndani. Tulipoweza kutoka na kuanza kumtafuta, alikuwa amekwisha kuwekwa ardhini. Tulimpata kwenye orodha ya Msalaba Mwekundu: mwanamume, mahali alipookotwa, sweta la buluu, funguo mfukoni, na namba. Funguo zile zilifungua mlango wa nyumba yake.

Huzuni yetu ilikuwa na mashina mawili. Sisi ni Wayira, Wakatoliki, na kwa baba yetu, Papa, mtoto hazikwi ugenini. Huzikwa kwenye uwanja wa wazee, kati ya migomba, mahali ambapo wajukuu wataonyeshwa na kuambiwa: huyu ni fulani. Lakini mdogo wangu alikuwa amesilimu alipooa, na mkewe alilia kwa sababu nyingine. Mumewe hakuoshwa, hakuvikwa sanda, na hakuna aliyejua kama alilazwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Kwa hiyo wote wawili, baba mkwe na mkaza mwana, walitaka kaburi lifunguliwe. Mmoja alitaka kumhamisha, mwingine alitaka kumtimizia haki za maiti. Nami nikiwa yaya wao, mkubwa wa watoto, ndiye niliyepaswa kulitafutia njia.

Nilianza na karatasi. Nilivyoelekezwa, huwezi kuomba ruhusa ya kumfukua mtu ambaye kwa serikali hajafa. Kwanza unahitaji cheti cha daktari, kisha hati ya kifo kutoka ofisi ya raia kwenye komini. Ndipo unaandika ombi kwa wakuu wa mji. Unaeleza wewe ni nani kwa marehemu, kaburi ni lipi, kwa nini unataka lifunguliwe, na mabaki yatazikwa wapi. Huduma ya usafi wa mji hutazama ombi hilo kwa ajili ya afya ya watu, kwa kuwa aliyekufa kwa kipindupindu au Ebola hafunguliwi kama mwingine. Na kwa mtu aliyeuawa kwa risasi kuna mlango mmoja zaidi, ule wa sheria. Mwili wake ni ushahidi. Siku hakimu atakapouliza nani alimpiga na kwa silaha gani, jibu linaweza kuwa mfupani. Familia ikifukua yenyewe usiku kwa jembe, inavunja ushahidi huo na inajitia katika kosa la kunajisi kaburi.

Katika ofisi moja niliambiwa kila kitu kingekamilika upesi kama ningelipa bila risiti. Sikulipa. Kilichonikwamisha zaidi, hata hivyo, ni swali ambalo hakuna mtu aliyeweza kunijibu: karatasi yenye muhuri uliogongwa Goma wakati huu itapokelewa na nani huko Butembo? Kati yetu na Butembo kuna mstari wa vita. Wasafiri wazima wanazunguka Uganda na kurudi Kongo kupitia Kasindi. Maiti inayopita mpakani inadai sanduku lililofungwa lisitoe hewa, barua ya kupitishia maiti, na kibali cha kila nchi inayokanyagwa. Kila muhuri unategemea muhuri uliotangulia. Wa kwanza ukikataliwa, unabaki na mabaki ya ndugu yako mpakani.

Nilimwendea daktari aliyewahi kuitwa mara nyingi na parke kufungua makaburi. Nilidhani atanisaidia kupata kibali. Alinikalisha na kunieleza kinachotokea chini ya ardhi, na maneno yake ndiyo yaliyoanza kunigeuza.

Watu wengi, alisema, wanafikiri mwili uliozikwa haraka umebaki mifupa baada ya miezi michache. Uliozikwa udongoni kwa sanda unaweza kuchukua mwaka au zaidi. Uliozikwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama ilivyokuwa kwa wengi wa Januari ile, huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu plastiki huzuia maji kutoka na hewa na wadudu kuingia. Nyama hubaki, wakati mwingine ikigeuka kuwa kitu kama nta. Chokaa inayomwagwa juu hupunguza harufu lakini haimalizi mwili, na mara nyingi huuhifadhi. Kwa hiyo anayefungua kaburi la namna hiyo mapema hakuti mifupa ya kuweka kwenye sanduku dogo jeupe. Anakuta mwili usiobebeka, na mama wa marehemu amesimama pembeni.

Halafu kuna mawe. Kila mwenyeji wa Goma anajua kwamba mji wetu umekaa juu ya lava ya Nyiragongo. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokufa hapa kwa maelfu kwa kipindupindu, ardhi iliwashinda wachimbaji, ikabidi askari wa Ufaransa walete mashine kuchimba mashimo ya pamoja. Kaburi la kawaida kwetu huchimbwa kwa sururu, mtalimbo na nyundo, na mara nyingi halifiki kina cha kutosha. Kinachorudishwa juu ya mwili ni changarawe nyeusi yenye ncha. Sururu inayorudi pale baadaye haitofautishi jiwe na mfupa. Daktari alisema kazi halali hufanywa kwa shimo la pembeni kwanza, kisha anayefukua anaingia kutoka ubavuni kwa mwiko na mikono. Kila hatua inapigwa picha, na mfupa hauinuliwi kabla haujaandikwa ulivyolala. Hufanywa alfajiri, nyuma ya turubai, na si mbele ya umati.

Nikamwambia: sawa, tusubiri miaka, kisha tufukue. Akaniuliza: unajuaje kwamba ni yeye?

Nilitaja namba. Akasema namba iko juu ya kibao, na kibao ni ubao. Mvua ya Goma hufuta wino, na watu wasio na makaa huchukua mbao za makaburi kupikia. Alikuwa ameona safu ambayo vibao viwili vilianguka na mtu mwema akavirudisha, kila kimoja kwa jirani yake. Pale ITIG makaburi yanafuatana yakiwa karibu sana. Ukihesabu vibaya kaburi moja, umemchukua mtoto wa mtu mwingine, na familia ile nayo itakuta shimo. Na palipozikwa wengi pamoja mifupa huchanganyika. Ishara yake ni rahisi, alisema: ukipata mifupa miwili ya paja la kulia, mbele yako kuna watu wawili, hata kama ulimwona mmoja tu. Hapo kinachobaki ni meno, majeraha ya zamani, na kipimo cha damu ya ukoo, kile cha DNA, kinacholinganisha mfupa au jino na mate ya mzazi au mtoto. Mzazi na mtoto hutoa jibu lenye nguvu kuliko ndugu. Papa ni mzee, nikawaza. Akiondoka, ushahidi wake unaondoka naye.

Nilipompigia Papa simu kumweleza, alinijibu kwa jambo analolijua kila Mkatoliki wa kwetu. Alisema: hata Mwenyeheri Anuarite alitupwa kaburi la pamoja kule Isiro, na Kanisa halikumwacha pale. Ni kweli. Sista Anuarite Nengapeta aliuawa tarehe 1 Desemba 1964 na waasi wa Simba. Miezi kadhaa baadaye kaburi lile lilifunguliwa, na leo amelala katika kanisa kuu la Isiro. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985. Baba yangu alikuwa na haki ya kumtaja. Lakini nilipokumbuka habari yenyewe, niliona sehemu ambayo huwa tunaipita haraka. Masista wenzake walimtambua kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyozoea kuibeba mfukoni. Bila kile kisanamu, na bila masista waliojua ni cha nani, ingekuwaje?

Mke wa mdogo wangu alikuwa na kisa chake, naye alikitoa msikitini. Jabir bin Abdullah, sahaba wa Mtume, alizika baba yake baada ya vita vya Uhud katika kaburi moja na mtu mwingine. Moyo wake haukutulia. Baada ya miezi sita akamtoa, akamkuta karibu kama siku aliyomzika ila kidogo sikioni, akamzika peke yake. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Tulikwenda pamoja kwa shehe, mimi na yeye, naye akakieleza mbele yangu kwa utulivu. Shehe hakukikataa. Alisema kaburi la Mwislamu halifunguliwi isipokuwa kwa dharura, na kuzikwa bila kuoshwa au bila kuelekezwa kibla ni miongoni mwa sababu ambazo wanazuoni wa Shafii wanazikubali, lakini mradi mwili haujabadilika. Ukishabadilika, heshima yake ni kuachwa. Kisha akamgeukia yule mjane na kusema: "Binti yangu, Jabir alimzika baba yake kwa mkono wake. Alijua ni yupi kati ya wawili. Je, ninyi mnajua mfuko upi ni wa mumeo, kwa yakini ya kufungua kaburi?"

Alinyamaza. Shehe akamkumbusha kwamba Mtume alipoambiwa mtu aliyekuwa akifagia msikiti amezikwa bila yeye kuarifiwa, alikwenda kaburini akamsalia pale pale. Sala ya jeneza inaweza kufuata baada ya maziko, haihitaji kaburi lifunguliwe. Siku chache baadaye wanaume wa msikiti walikwenda ITIG, wakasimama nyuma ya shehe, wakamsalia mdogo wangu. Mimi Mkatoliki nilisimama kando na kitambaa kichwani. Mjane alirudi nyumbani akala chakula chote sahanini kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Tangu siku hiyo nilibadili kazi yangu. Nilikuwa nikitafuta njia ya kumtoa. Nikaanza kutafuta njia ya kuhakikisha hapotei. Dini zote mbili zilizokuwa zikivutana ndani ya familia yetu zilikuwa zimenionyesha kisa cha kufukua, na visa vyote viwili vilisimama juu ya kumjua maiti. Sisi tulikuwa tukipigania safari ya Butembo huku jambo hilo la kwanza likifutika kwa kila mvua.

Tulifanya hivi. Simu huonyesha mahali kwa makosa ya mita kadhaa, na katika mita hizo mna makaburi mengi, kwa hiyo tuliandika namba za ramani ya simu lakini hatukuziamini peke yake. Tulitafuta vitu viwili visivyohama, kona ya ukuta na jabali kubwa. Kwa mita ya fundi tukapima kutoka kila kimoja hadi kichwani mwa kaburi. Vipimo viwili kutoka pembe mbili hukurudisha mahali pale pale hata vibao vyote vikitoweka. Tukahesabu safu na nafasi kutoka mwanzo wa safu. Tukapiga picha kaburi letu pamoja na namba za majirani wa kulia na kushoto, kwa sababu jirani anaweza kukuonyesha palipo pako. Tukaandika sweta, funguo, jino la mbele lililovunjika tangu utotoni, na mfupa wa bega uliowahi kuunganishwa. Nakala moja ninayo mimi, moja anayo mjane, moja ilikwenda Butembo mkononi mwa msafiri.

Kisha likaja jiwe. Katika mji wetu mwenye uwezo hujenga juu ya kaburi, hutia beto na karo, na Wakristo wengi hufanya hivyo kwenye kumaliza kilio, siku ya arobaini au mwaka ukitimia. Papa alitaka hivyo, na msalaba. Fundi mwenyewe alitupa shauri la kungoja. Udongo juu ya kaburi hushuka kadiri mwili unavyoisha chini, na bamba zito likiwekwa mapema hupasuka au kulala upande. Bamba pana pia lingepanda juu ya jirani, na siku sheria ikitaka kufungua, lingevunjwa kwa nyundo. Upande wa mjane, Mtume alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa, lakini yeye mwenyewe aliweka jiwe kichwani mwa Uthman bin Madh'un ili amjue. Nilimsomea Papa maneno hayo kwenye simu. Baada ya kimya kirefu akauliza kama jiwe hilo litaandikwa jina la ukoo. Nilimwambia litaandikwa.

Tulingoja mwaka upite. Jiwe ni la lava, limekatwa hapa hapa Goma, limesimama kichwani tu na chini limetiwa saruji kidogo. Limeandikwa jina lake lote, mwaka aliozaliwa, Januari 2025, na chini kabisa namba ile ya Msalaba Mwekundu. Wajomba wawili walitaka namba iondolewe kwa sababu ni alama ya aibu, ya mtu aliyezikwa bila watu wake. Nilikataa, na naamini nilikuwa sahihi. Namba ndiyo kamba pekee inayounganisha jiwe hili na orodha, na orodha na mwili. Ukiweka jina zuri ukafuta namba, umebaki na jiwe.

Kulifunua tulifunua kwa kiasi. Shehe alisema wazi kwamba katika Uislamu hakuna ibada ya kufunua jiwe, kuna dua tu ya kumzuru maiti, na hatukumlazimisha zaidi. Mjane, ambaye eda yake ya miezi minne na siku kumi ilikuwa imekwisha zamani, alikuja na watoto, na mtoto wa kwanza akaondoa kitambaa cheupe. Dua ikasomwa. Jumapili iliyofuata mimi nilitoa nia ya misa parokiani kwetu, na kule Butembo Papa alikusanya ukoo, akafanya kilio bila maiti, na akaacha wazi nafasi moja kando ya kaburi la babu. Nafasi ile ipo. Siku barabara ikifunguka, na hakimu akiwa amepata alichokihitaji, na mifupa ikiwa mifupa, wajukuu wataamua. Watakuwa na cha kuamulia.

Najua familia ambazo hali yao ni ngumu kuliko yetu. Kuna waliozika watoto kandokando ya kambi za Bulengo na Kanyaruchinya, kisha mwanzoni mwa 2025 kambi zikabomolewa na watu wakaambiwa warudi vijijini. Hawana orodha wala namba. Kwao nasema lile lile: kabla ya kutafuta pesa za sanduku, rudini mkapime.

Na wewe unayesoma, kama mtu wako alizikwa Goma katika siku zile, nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu ukaulize orodha, uchukue namba yake, na usikubali mtu yeyote akuuzie ruhusa ya kufukua kabla hujaishika namba hiyo mkononi. Wazazi wa marehemu wakiwa hai, waombe wawe tayari kutoa mate yao kwa kipimo wakati bado wapo. Pima kaburi kutoka vitu viwili visivyohama, andika, na mpe nakala mtu anayeishi mbali na wewe.